Usichome Kitu Ambacho Hakijapewa Jina

Kuna kachupa kadogo kanauzwa huku mtandaoni. Wakati mwingine ni ka kioevu cha njano, wakati mwingine ni krimu nyeupe isiyo na lebo. Maelezo ni yale yale: paka siku tatu, vipele vya huko chini vinaanguka vyenyewe, tunatuma popote Kenya, hakuna maswali. Chini yake kuna komenti kama mia hivi za madem wakiuliza bei.

Hiyo sehemu ya "hakuna maswali" ndiyo inanisumbua. Juu maswali ndiyo matibabu yenyewe. Kipele kwa uke wa nje kinaweza kuwa ngozi yako ya kawaida, kinaweza kuwa nywele imejikunja, kinaweza kuwa chunjua, kinaweza kuwa kaswende, na mara chache kinaweza kuwa mwanzo wa saratani. Hivyo ni vitu vitano tofauti kabisa na kachupa ni kamoja. Kwa hivyo msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio tusibishane huko mbele: usichome kitu ambacho hakijapewa jina. Na jina halipewi na muuzaji, halipewi na mpenzi wako, na kusema ukweli halipewi hata na wewe mwenyewe ukiwa na kioo na tochi ya simu saa saba usiku.

Mimi si daktari. Chuo nilitoka mwaka wa pili na nilikuwa nasomea vitu vya pesa, si vya dawa. Lakini kusoma hakuhitaji karo, na haya mambo nimeyasoma polepole, halafu nikakaa na nesi wa kliniki anayeona wasichana wa rika letu kila siku, nikamuuliza mpaka akachoka. Hii ndiyo nimeelewa.

Kwanza tujue ramani

Sisi wote tunasema "huko chini". Ni adabu, sawa, lakini ukifika kwa nesi na kumwambia "kuna kitu huko chini", hujamwambia kitu. Uke wenyewe ni ile njia ya ndani. Sehemu yote unayoiona kwa nje ina sehemu zake. Kuna mashavu makubwa, yale ya nje yenye nywele. Ndani yake kuna mashavu madogo, membamba, hayana nywele, na kwa watu wengi moja ni refu kuliko lingine na hiyo si shida. Juu yanapokutana kuna kinembe. Katikati kuna tundu la mkojo, halafu chini yake mlango wa uke. Kipele kikiwa kwa shavu kubwa ni stori moja. Kikiwa ndani ya shavu dogo karibu na mlango wa uke ni stori ingine. Nesi ataanza hapo hapo: kiko wapi?

Dem wa miaka 21 na kioo

Tuchukue mfano. Nautunga, lakini wengi wenu mtamjua. Dem wa miaka 21, anaishi bedsita Roysambu, ana mpenzi wa miezi minne. Siku moja anaoga, anahisi kitu kama kachanga ndani ya mashavu madogo. Anachukua kioo. Anaona vipele vidogo vidogo vya rangi ya waridi, laini, vimejipanga kama mstari upande wa kulia. Havimuumi. Anatafuta mtandaoni, picha ya kwanza inayotokea ni ya chunjua mbaya kuliko zote duniani, na kufikia saa nane usiku ameshaamua mambo mawili: ana ugonjwa, na ni yule jamaa ameuleta.

Sasa hebu tumwangalie vile nesi angemwangalia, kwa utulivu. Kuna maswali matatu yanayosaidia sana.

La kwanza: je, viko pande zote mbili? Akiangalia vizuri, upande wa kushoto pia kuna mstari kama huo, karibu sawa na wa kulia. Chunjua hazina adabu ya kujipanga hivyo. Zinatokea hapa tatu, pale moja, bila mpango.

La pili: je, kila kimoja kimesimama peke yake? Kwa huyu dem, kila kipele kina shina lake, kama manyoya mafupi ya zulia. Chunjua mara nyingi ni vichwa kadhaa vimeota kwa shina moja, ndio maana zikikua zinafanana na koliflawa.

La tatu: je, vimebadilika? Kama angejiangalia akiwa na miaka 18, huenda angevikuta. Chunjua hubadilika ndani ya wiki na miezi. Zinaongezeka, zinakua, wakati mwingine zinapungua. Ngozi ya kawaida inakaa tu.

Huyu dem hana ugonjwa wowote. Hivyo ni vinundu vya kawaida vya ngozi ya ndani ya mashavu madogo, maumbile tu, kama vile watu wengine wana vidoti mgongoni. Havitokani na ngono, haviambukizwi, havihitaji dawa. Shida ni kwamba vinafanana na chunjua kiasi cha kumdanganya hata mhudumu wa afya mwenye haraka, na kuna wanawake wametibiwa chunjua ambazo hawakuwa nazo.

Kuna ujanja mmoja unazunguka, ati paka siki, kikigeuka cheupe basi ni chunjua. Achana nayo. Ni kweli asidi ya siki hufanya ngozi yenye chunjua ibadilike rangi, lakini ngozi ya kawaida pia hugeuka nyeupe hapo, hasa ikiwa imekunwa au imevimba kidogo. Kwa hivyo siki itakuambia "ndiyo" hata wakati jibu ni "hapana", na itakuchoma juu yake.

Sasa mpe huyu dem kile kachupa. Ndani mara nyingi kuna asidi ya aina fulani, au ile dawa ya chunjua za vidole na nyayo. Ngozi ya nyayo ni ngumu na nene. Ngozi ya ndani ya shavu dogo ni laini kama ya ndani ya mdomo. Siku ya kwanza inawasha. Siku ya pili imekuwa nyekundu, kukojoa ni kilio. Siku ya tatu ngozi inatoka, na muuzaji anamwambia "umeona, vinaanguka!" Kilichoanguka ni ngozi yake mwenyewe isiyo na kosa. Amebaki na kidonda wazi, na kidonda hapo ni mlango rahisi kwa bakteria na hata kwa virusi vya Ukimwi akikutana navyo. Halafu akienda kliniki, nesi anaona kidonda tu. Ule ushahidi uliokuwa hapo mwanzo, mstari, pande mbili, mashina, wote umeungua.

Vingine ambavyo si kesi

Viko vingi, nitataja viwili vinavyotusumbua zaidi rika letu.

Cha kwanza ni vya wembe. Ukinyoa, nywele inayoota tena inaweza kujikunja ikaingia ndani ya ngozi. Unapata kipele chekundu, kinauma ukigusa, pengine na usaha kidogo kichwani, na kiko penye nywele huota, yaani shavu kubwa au juu ya kinena. Kikiachwa bila kufinywa kwa kawaida kinatulia ndani ya wiki moja au mbili. Kama kila ukinyoa vinarudi, shida ni wembe, si mpenzi.

Cha pili ni uvimbe mmoja chini upande mmoja wa mlango wa uke. Hapo kuna tezi mbili ndogo, kulia na kushoto, zinazotoa ute. Mfereji wa moja ukiziba, ute unajaa ndani na unahisi kama kuna zabibu au hata kitu kikubwa kuliko hiyo. Kama haina maumivu, mara nyingi kukalia maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku kunasaidia, lakini bado ionwe na mtu. Ikianza kuuma mpaka kutembea au kukaa ni shida, na una homa, hilo limekuwa jipu na linahitaji kufunguliwa hospitalini. Usitoboe na sindano nyumbani. Hakuna kachupa kanakofungua jipu.

Na kama ni chunjua kweli?

Basi ni chunjua. Majirani zetu Tanzania wanaziita masundosundo, neno ambalo naona ni tamu kuliko ugonjwa wenyewe. Zinaletwa na virusi vya HPV, na hapa ndipo watu wanachanganyikiwa kabisa, kwa hivyo twende pole pole.

HPV ni familia kubwa. Kila aina imepewa namba. Chunjua nyingi sana za sehemu za siri zinatokana na aina ya 6 na ya 11. Saratani ya mlango wa kizazi inatokana zaidi na aina ya 16 na ya 18. Ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Kwa hivyo ukiambiwa una chunjua, hujaambiwa una saratani, na chunjua zako hazitageuka kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Kitu kimoja tu: mtu aliyekutana na ndugu mmoja anaweza kuwa amekutana na mwingine bila kujua, kwa sababu 16 na 18 mara nyingi havioti kitu cha kuonekana nje. Ndio maana kupimwa mlango wa kizazi kuna ratiba yake mwenyewe. Mwongozo wa Kenya unalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49, uwe na chunjua au usiwe nazo. Ukiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, uliza kliniki yako mapema, juu ratiba yako ni tofauti.

Halafu ile stori ya "nani aliniletea". Kutoka siku virusi vinaingia mpaka siku chunjua inaonekana, zinaweza kupita wiki chache, mara nyingi ni miezi, na kwa wengine ni hata zaidi ya mwaka. Wengine hawaoti chochote maisha yao yote, lakini wanaweza kupitisha. Rudi kwa mfano wetu wa mpenzi wa miezi minne. Kama zingekuwa chunjua kweli, zingeweza kutoka kwake. Zingeweza kutoka kwa mtu wa mwaka jana. Zingeweza kuwa ni yeye dem ndiye anampa jamaa. Hakuna kipimo cha hospitali yoyote kitakachotoa jina la mtu. Nimeona mahusiano yakivunjika kwa skrinishoti ya kipele, na wavulana mnaosoma hii, nawaambia pia nyinyi: chunjua si risiti. Haina tarehe.

Kondomu inapunguza hatari, itumieni, lakini haifuniki ngozi yote inayogusana, kwa hivyo mtu anaweza kupata hata akiwa makini. Hiyo si kuwatisha. Ni kuwaambia kwamba kupata chunjua hakuthibitishi kwamba mtu ni "mchafu".

Matibabu yapo, na yanafanya kazi kwa kuondoa kile kinachoonekana. Kuna dawa ya kupaka nyumbani inayoitwa podofilotoksini. Unapaka kwenye chunjua peke yake, asubuhi na jioni kwa siku 3, unapumzika siku 4, unarudia mzunguko mpaka mara 4 kama zinahitajika. Kuna krimu ya imikwimodi, hiyo inaamsha kinga ya mwili, inapakwa usiku mara 3 kwa wiki, inaoshwa asubuhi, na inaweza kuchukua hadi wiki 16. Kliniki wanaweza kuzigandisha kwa baridi kali, kuzichoma kwa umeme, kuzikata, au kupaka asidi kali. Ndiyo, asidi. Tofauti ni kwamba anayepaka anajua ni nini anachoma, anaweka tone dogo juu ya chunjua tu na kulinda ngozi ya pembeni. Kliniki nyingine wana podofilini, ile ya zamani, ambayo inapakwa na mhudumu na lazima ioshwe baada ya saa 1 hadi 4. Ukipewa hiyo uende ulale nayo, utaamka na kidonda.

Na kabla ya dawa hizi, lazima uulizwe kama una mimba. Podofilini na podofilotoksini hazitumiki kwa mjamzito. Yule muuzaji wa "hakuna maswali" hajawahi kukuuliza hilo.

Jua pia kwamba zinaweza kurudi, hasa miezi ya kwanza baada ya matibabu, kwa sababu virusi vyenyewe vinaweza kubaki kwa ngozi kwa muda kabla mwili uvidhibiti. Zikirudi haimaanishi dawa ilikuwa feki wala kwamba mtu amekucheza. Na kuna watu zinaisha zenyewe bila dawa kabisa. Shikilia hiyo sentensi, tutairudia sasa hivi.

Kile kinachofanana na chunjua ila si chunjua

Hapa ndipo sitaki mtu aruke.

Kaswende ikifika hatua yake ya pili, wiki chache mpaka miezi kadhaa baada ya kile kidonda cha kwanza ambacho wengi hawakioni, inaweza kuota vinundu kwa uke wa nje na karibu na mkundu. Tofauti yake na chunjua ni hii: vya kaswende huwa bapa, vipana, vimelowa, rangi ya kijivu au nyeupe nyeupe. Chunjua nyingi ni kavu kidogo na zina vichwa vichwa. Pamoja na hivyo vinundu, mtu anaweza kuwa na vipele mwilini visivyowasha, hata kwa viganja na nyayo, homa ndogo, au tezi zimevimba. Lakini si kila mtu, na macho peke yake hayatoshi. Damu ndiyo inayosema, na kipimo cha haraka ni tone la kidole.

Sasa fikiria mtu mwenye hivyo vinundu amenunua kachupa. Anapaka, anaungua, anavumilia. Baada ya wiki kadhaa vinundu vimepotea. Anarudi kwa komenti na mioyo mitatu: "Asante, imenisaidia, nimepona."

Hajapona. Vinundu vya kaswende hupotea vyenyewe hata usipopaka kitu. Ndivyo huo ugonjwa ulivyo: unajionyesha, unajificha, unabaki ndani ya mwili kimya, na baada ya miaka unaweza kufika kwa moyo, ubongo, macho. Akipata mimba akiwa nao, unaweza kupita kwa mtoto, na mtoto anaweza kuzaliwa akiwa amefariki. Na dawa yake ikiwa bado ya mapema ni sindano ya penisilini ya benzathini, dozi moja ya yuniti milioni 2.4. Siku moja tu, kisha mpenzi naye atibiwe. Hicho ndicho kile kachupa kamemnyima.

Ndio maana siamini zile komenti za "imenisaidia". Siwaiti waongo. Angalia tu: vya wembe vinaisha vyenyewe kwa wiki mbili. Chunjua za watu wengine zinaisha zenyewe. Vinundu vya kaswende vinapotea vyenyewe. Muuzaji anaweza kukuuzia maji ya mfereji na bado apate shuhuda kumi za kweli kutoka kwa watu kumi waaminifu. Kupotea kwa kipele si ushahidi kwamba dawa imefanya kazi. Wakati mwingine ni ushahidi kwamba ugonjwa umehama chumba.

Dalili za kutongoja

Saratani ya uke wa nje ni nadra, zaidi kwa wanawake wa umri mkubwa. Lakini inaweza kupata mdogo pia, hasa anayeishi na virusi vya Ukimwi, kwa sababu kinga ikiwa chini HPV hukaa muda mrefu. Kwa hivyo kuna kipele ambacho hakingoji: kigumu kama kimeshikamana na chini, kinachotoa damu chenyewe, chenye kidonda kisichopona baada ya wiki kadhaa, kilichobadilika rangi kikawa cheusi au cheupe kisicho sawa, au mahali pamewasha miezi na hakuna krimu inayosaidia. Pia "chunjua" iliyotibiwa vizuri na bado haibadiliki kabisa. Hapo daktari anakata kapande kadogo kakapimwe maabara. Inaitwa biopsi, wanakufa ganzi hapo mahali kwanza, na ndiyo njia pekee ya kujua. Kama kimechomwa na kachupa kabla ya hapo, hicho kapande kanaweza kuwa kovu tu, na muda umepotea.

Vile unaenda

Najua kwa nini watu wananunua mtandaoni. Si ujinga. Ni aibu, na ni kukumbuka ile siku mhudumu mmoja alikuuliza kwa sauti "umeolewa?" mbele ya foleni. Hasira hiyo ni halali. Lakini anayefaidika na hiyo aibu ni muuzaji, na anajua.

Kwa hivyo nenda na sentensi tayari. Sema hivi: "Nimeona vipele ndani ya shavu dogo upande wa kulia, nimeviona wiki tatu, haviumi, sijapaka kitu. Naomba niangaliwe." Umesema mahali, muda, maumivu na dawa. Hakuna haja ya kueleza maisha yako yote. Unaweza kuomba mhudumu wa kike. Unaweza kuomba rafiki yako aingie na wewe. Mlango ufungwe, hiyo ni haki yako, si hisani. Usinyoe siku hiyo wala usijisugue, acha vile viko.

Akishaangalia, muulize matatu: kinaitwaje? Umejuaje kwamba si kaswende? Na nikiacha bila dawa itakuwaje? Kama jibu la la kwanza ni "ni uchafu tu" na anakuandikia krimu bila kukuangalia, toka, tafuta mwingine. Akisema ni chunjua au hana uhakika, omba kipimo cha damu cha kaswende na cha virusi vya Ukimwi siku hiyo hiyo. Na kama tayari ulishapaka kitu, osha kwa maji mengi, acha, nenda, na useme ukweli ulipaka nini. Beba hiyo chupa.

Kama una dadako mdogo, hii ni yake. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV mwaka wa 2019, inalenga wasichana wa miaka 10 hadi 14, na iliyozinduliwa wakati huo ilikuwa ya aina nne: 6, 11, 16 na 18. Yaani chunjua na saratani kwa sindano hiyo hiyo. Haiondoi kilichopo tayari, ndio maana inatolewa mapema. Sisi tuliopita huo umri bado tunaweza kuuliza kwa kliniki za kulipia.

Mwisho, na hili nalisema kwa upendo: msinitumie picha. Sitafungua. Si kwa sababu naona haya, ila simu haiwezi kugusa kama kitu ni kigumu au laini, haiwezi kupima damu, na picha ikishatoka kwa simu yako si yako tena. Hata huyo muuzaji anayekuambia "nitumie nione" anaona tu jinsi ulivyoogopa, ndio ajue akuuzie kwa bei gani. Kuna mtu kwa kliniki amesomea kuangalia hivyo vitu, na ameona vingi kuliko vyako. Mwache aangalie kwanza.